"Nilivimpa", "nilimuuza", "niliipokea": kutafuta hitilafu ya kiambishi cha mtendwa

Karani wa depo ya vitenge pale Birere, Goma, anamwandikia muuzaji wake wa Dar es Salaam:

> Vitenge nilipokea jana. Nilifungua mzigo na nilivikuta vitenge 3 vimelowa. Hivyo nilivimpa fundi aanike. Vingine nilimuuza Mama Furaha. Pesa niliipokea dola 200. Nilipiga simu dereva lakini hakujibu mimi. Uliza yeye.

Sentensi saba, makosa tisa, na yote tisa yanahusu sehemu moja: ile silabi ndogo inayosimama mbele ya mzizi wa kitenzi kumtaja anayetendewa. Vitabu vya sarufi huiita kiambishi cha mtendwa, vingine kiambishi cha yambwa. Hapa tutasema kiambishi tu. Mtu wa Goma au Bukavu akisoma ujumbe huu ataelewa karibu kila kitu. Mtu wa Dar es Salaam atasimama mara mbili tatu, na kwenye sentensi ya nne atashtuka.

Jambo moja lisemwe mapema. Maongezi ya Kadutu, ya Birere au ya mitaa ya Lubumbashi yana utaratibu wake, na msemaji wake hakosei anaposema "nilibaona" au "nilimupatia". Mwongozo huu ni wa yule anayeandika Kiswahili sanifu kwa sababu ya kazi: barua, taarifa ya shirika, habari ya redio, mtihani.

## Kwa nini hitilafu hii inakaa kwetu

Aliyekulia Kivu amezungukwa na lugha ambazo kila moja inamvutia upande wake. Kilingala hakina kiambishi hiki ndani ya kitenzi. Mtu husema "nalingi yo", na hilo "yo", yaani wewe, linakuja nyuma ya kitenzi likiwa neno zima. Ukilihamisha jinsi lilivyo unapata "napenda wewe" na "hakujibu mimi". Kinyarwanda, kinachosikika Goma na ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, kinafanya kinyume chake: kinaruhusu viambishi viwili au zaidi kwa mpigo. "Narakimuhaye" maana yake nilimpa hicho kitu, na ndani yake *ki* ni kitu, *mu* ni mtu. Ukilihamisha hilo unapata "nilikimpa". Kifaransa cha shuleni nacho huweka viwakilishi viwili vifupi mbele ya kitenzi, kwa hiyo kinamtia nguvu aliyekwisha kuzoea viwili.

Kiswahili sanifu kimekaa katikati. Kina nafasi ya kiambishi, lakini nafasi ni moja. Kwa mtu, nafasi hiyo karibu kila mara hujazwa. Kwa kitu, hujazwa pale tu msomaji anapokuwa tayari anakijua kitu hicho. Makosa mengi ya ujumbe wa karani yanatoka katika kuvuka mojawapo ya mipaka hii mitatu, na yaliyobaki ni ya kuchagua silabi isiyo yake.

## Dalili: kitenzi kimebeba silabi mbili za watendwa

Mfano wetu ni "nilivimpa fundi". Ni rahisi kuutambua: tenganisha kitenzi, ondoa mtenda na wakati, kisha hesabu kilichobaki mbele ya mzizi.

```
ni - li - vi - m - pa
```

*Ni* ni mtenda, *li* ni wakati, *pa* ni mzizi. Katikati kuna *vi* (vitenge) na *m* (fundi). Mmoja lazima atoke. Nani atoke si suala la kupenda: kitenzi kikiwa na mpewa na kinachopewa, nafasi ni ya mpewa. Kwa hiyo *vi* inaondoka, inabaki "nilimpa".

Hapo ndipo mwandishi anapopata wasiwasi: vitenge vitajulikanaje? Vitajulikana kwa neno lenyewe. "Hivyo nilimpa fundi" inatosha kabisa, kwa sababu "hivyo", yaani vitenge hivyo, imekwisha kuvitaja mwanzoni mwa sentensi. Kama hakuna neno lolote mbele, weka kiashiria nyuma: "nilimpa hivyo". Au gawa kazi kwa vitenzi viwili, kila kimoja na kiambishi chake: "nilivichukua nikampa fundi". Njia hii ya mwisho ndiyo inayosikika laini zaidi katika maelezo marefu, na hutumiwa sana na wasimulizi.

Usijaribu kuokoa *vi* kwa kumtoa mtu. "Nilivipa fundi" haisemi kwamba fundi alipewa vitenge. Inavifanya vitenge viwe ndivyo vilivyopewa kitu, na fundi anabaki akining'inia.

Kuna umbo moja linalowadanganya wengi wafikiri nafasi ni mbili:

```
ni - li - vyo - m - pa
```

"Vitenge nilivyompa fundi" ni sahihi. *Vyo* si kiambishi cha mtendwa, ni cha urejeshi, nacho kina nafasi yake ya peke yake baada ya wakati. Tofauti inaonekana kwa irabu: silabi ya urejeshi inaishia kwa *o* (cho, vyo, lo, zo, yo), isipokuwa *ye* ya mtu mmoja. Ukiona *vyo-m*, acha. Ukiona *vi-m*, futa *vi*.

Silabi *ji* ya kujitendea nayo inakalia nafasi hiyohiyo. "Alijinunulia pikipiki" haiwezi kuongezewa *i* ya pikipiki, hata kama pikipiki yenyewe inajulikana mtaa mzima.

## Dalili: mtu yumo katika sentensi lakini kitenzi hakimjui

"Hakujibu mimi." "Uliza yeye." "Tuliona Bahati kwenye bandari." Sentensi zinaeleweka, lakini masikioni mwa msomaji wa sanifu zinasikika kama mlango uliofunguliwa bila hodi.

Kwa viwakilishi vya watu (mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao) hakuna mjadala: kiambishi ni lazima. "Hakunijibu", "muulize", "walituona". Neno zima linaweza kubaki nyuma, lakini kwa kusisitiza tu. "Hakunijibu mimi" inamaanisha wengine aliwajibu. Kama husisitizi, lifute.

Kwa majina ya watu na kwa watu wanaojulikana, lazima vilevile: "tulimwona Bahati", "nilimwita mama", "waliwafukuza walinzi". Na vitenzi *-pa* na *-ambia* haviwezi kusimama bila mtu ndani yake. "Nimeambia kwamba meli imechelewa" haisimami, hata kama aliyeambiwa ametajwa mstari wa juu. Lazima iwe "nimemwambia" au "nimewaambia".

Nafasi pekee ya kupumua ni kwa mtu asiyejulikana. "Natafuta fundi wa jenereta" inamaanisha fundi yeyote, ilimradi anaijua kazi. "Namtafuta fundi wa jenereta" inamaanisha yule fulani, labda aliyechukua malipo ya awali akapotea. Tofauti hii ni ya kweli na inafaa kuitumia. "Niliona watu wengi sokoni" nayo inapita bila shida. Wapo walimu wanaodai "niliwaona" hata hapo. Ukali huo unazidi matumizi ya wasemaji wenyewe, lakini kwenye karatasi ya mtihani wape wanachotaka.

Sehemu za mwili zina desturi yake. Kiswahili humweka mwenye mwili ndani ya kitenzi na kukiacha kiungo nyuma kikiwa peke yake: "alimshika Bahati mkono", "muuguzi alimfunga mguu". "Alishika mkono wa Bahati" ina harufu ya tafsiri.

Sasa mbili za umbo. Ya kwanza: katika amri, kiambishi kikiingia, irabu ya mwisho *a* inageuka *e*. "Uliza" inakuwa "muulize", "ita" inakuwa "mwite", "chukua" inakuwa "vichukue". "Muuliza!" kama amri ni kosa. Ya pili: *m* ya mtu mmoja huandikwa *mw* mbele ya irabu kama *a, e, i* (nilimwambia, nilimweleza, nilimwita), na mbele ya *u* utaona "muulize" na "mwulize". Zote mbili zimo katika maandishi ya sanifu. Chagua moja, usizichanganye kwenye ukurasa mmoja. Ile *mu* yetu ya mbele ya konsonanti, "nilimupa", inapungua kuwa "nilimpa".

## Dalili: msomaji anashtuka

"Vingine nilimuuza Mama Furaha."

Kiambishi kipo, ni kimoja, ni cha mtu, kiko mahali pake. Tatizo ni kwamba sentensi inasema Mama Furaha ameuzwa. *M* ndani ya *-uza* inamtaja anayeuzwa, si anayeuziwa. Ili mtu awe mpokeaji, kitenzi chenyewe lazima kifunguliwe kwanza kwa silabi ya kutendea: *-uzia*. "Nilimuuzia Mama Furaha."

Ugonjwa huu una familia. "Nilimnunua mtoto viatu" ni kumnunua mtoto, "nilimnunulia" ndiyo inayotakiwa. "Nilimpika mgeni" ni jambo la polisi, "nilimpikia". "Nilimpiga dereva" ni ugomvi, "nilimpigia dereva simu" ni mawasiliano. "Nilimwandika mkurugenzi" inaweza kueleweka kwamba jina lake limeingizwa kwenye orodha, "nilimwandikia" ni barua.

Kipimo chake ni swali moja. Soma kitenzi na kiambishi peke yake, bila maneno ya nyuma, kisha uliza: tendo limemfikia nani mwilini? Kama jibu linatisha au linachekesha, silabi ya kutendea imekosekana. Baada ya mzizi wenye *a, i* au *u*, silabi hiyo huwa *i* (pika, pikia, andika, andikia). Baada ya *e* au *o*, huwa *e* (leta, letea, soma, somea). Mizizi inayoishia kwa irabu huirudisha ile *l* ya zamani: nunua, nunulia, chukua, chukulia, ondoa, ondolea.

Kosa la karani kwenye simu lilikuwa la upande wa pili: "nilipiga simu dereva". Hakuweka *m* wala *-ia*. Akiweka *m* peke yake anampiga dereva. Akiweka *-ia* peke yake, "nilipigia dereva simu", dereva ametajwa kama mtu yeyote tu, na sikio bado linasubiri *m*. Hapa viwili vinakwenda pamoja.

Anayeogopa *-uzia* ana njia ya pembeni iliyo sahihi kabisa: "niliuza kwa Mama Furaha". Mtu akishikwa na *kwa*, haingii ndani ya kitenzi.

Vivyo hivyo kwa vitenzi vinavyoshikana na *na*. "Nilikutana naye", "niliongea nao", "tulikubaliana nao": mtu yuko kwenye *na*, kitenzi hakiguswi. "Nilimkutana" ni mchanganyiko wa "nilimkuta" na "nilikutana naye", na inabidi uchague mmoja. Kumiliki nako kuko huku: kitu unachokuwa nacho kinafuata *na*, "ninacho", "nilikuwa navyo", hakitangulii.

## Dalili: msomaji anauliza "kipi?" au "vipi hivyo?"

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapa sentensi zote mbili ni sahihi na tofauti iko kichwani mwa msomaji.

"Nilinunua kitenge" na "nilikinunua kitenge". Ya kwanza inaleta habari mpya: kuna kununua, na kilichonunuliwa ni kitenge. Ya pili inaingia katikati ya mazungumzo: kile kitenge tulichokuwa tunakijadili, basi nimekinunua. Ukimwambia ya pili mtu ambaye hajawahi kusikia habari za kitenge chochote, atauliza "kitenge kipi?" Na ana haki.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kiambishi cha kitu, jaribu kuongeza "kile" au "vile" mbele ya jina. Kama sentensi bado inasema ulichotaka, weka. Kama "kile" imeiharibu, ondoa kiambishi. Tuijaribu sentensi ya pili ya karani: "nilivikuta vile vitenge 3 vimelowa". Vile vipi? Muuzaji hajui kwamba kuna vilivyolowa, ndiyo kwanza anaambiwa. Kiambishi kinatoka: "nikakuta vitenge 3 vimelowa". Idadi ikifuata kitu kwa mara ya kwanza, mara nyingi ni ishara ya habari mpya.

Sentensi inayofuata hali imegeuka. Sasa vitenge vilivyolowa vinajulikana, vimetajwa sekunde moja iliyopita, na jina lao halirudiwi baada ya kitenzi *-anika*. "Aanike" peke yake inamwacha fundi akianika kwa jumla, kama kazi yake ya kila siku. "Avianike" inamrudisha kwenye vile vitatu. Huo ndio mwendo wa kawaida wa kitu katika maelezo: kinaingia kwa jina bila kiambishi, kisha kinaendelea kwa kiambishi bila jina.

Sentensi ya kwanza inatupa hali ya tatu: jina limetangulia kitenzi. "Vitenge nilipokea jana." Kitu kikisogezwa mbele, kimefanywa mada, na mada ni kitu ambacho msomaji anakijua. Muuzaji ndiye aliyevituma. Kiambishi kinahitajika: "vitenge nilivipokea jana". Hapa watu wetu wengi hukisahau, kwa kuwa jina liko karibu mno na kitenzi kiasi cha kuonekana linatosha. Kikwazo pekee ni kama nafasi imeshachukuliwa na mtu. Ndiyo maana "vingine nilimuuzia Mama Furaha" haina *vi*, japokuwa "vingine" imetangulia.

Na pesa? "Pesa niliipokea dola 200" inajaribu kufanya mambo mawili kwa mara moja. "Pesa nilizipokea" inasema zile pesa tulizozitarajia zimefika. "Nilipokea dola 200" inasema kiasi. Kiambishi kinasema unazijua, tarakimu inasema ndiyo kwanza unaambiwa. Chagua: "nilipokea dola 200", au kama unataka kuanza na pesa, "pesa nilizopokea ni dola 200".

Katika majibu mafupi, fuata swali. "Umeleta maji?" Jibu "nimeleta" linatosha, maana swali lilikuwa la maji yoyote. "Yale maji umeyaleta?" Jibu "nimeyaleta". Ukijibu "nimeleta" hapo hutapigwa, lakini aliyeuliza anaweza kufikiri umeleta mengine.

Kuna pia vitenzi ambavyo kitu chake kimezoea kuachwa kabisa kwa sababu tendo lenyewe ndilo habari: amelima, anasoma, wanapika, tumekula. Hapa kukosekana kwa kiambishi hakuna pengo. Ukiweka "amelilima", msomaji anageuka kutafuta shamba.

## Dalili: kila kitu kimekuwa "i"

"Ile kitabu niliisoma." "Ile gari niliiona." Mtaani kwetu *i* inabeba vitu vingi vya umoja, na hakuna asiyeelewa. Kwenye sanifu kila ngeli ina silabi yake, lakini huhitaji kukariri jedwali. Chukua kiashiria cha mbali cha neno hilo, ondoa *le*, kinachobaki ndicho kiambishi:

```
ki-le kitabu   ->  nilikisoma
li-le gari     ->  nililiona
u-le mzigo     ->  niliufungua
ya-le maji     ->  niliyaleta
zi-le pesa     ->  nilizipokea
wa-le wateja   ->  niliwaona
```

Kanuni hii ina tundu moja: *yule*. Huyo hana *yu* ndani ya kitenzi, ana *m*. Wanyama wanamfuata yeye: yule mbuzi, nilimnunua, na hata samaki aliye kwenye sahani, nimemla.

Bila shaka kanuni inakufaa tu kama unakijua kiashiria, na anayesema "ile kitabu" atapata *i* tena. Hapo jisaidie kwa wingi: kitabu, vitabu, basi ni *ki* na *vi*. Neno lisilobadilika kwa wingi, kama nguo au meza, ndilo lenye *i* kwa umoja na *zi* kwa wingi. Gari na duka zinaongeza *ma* (magari, maduka), kwa hiyo ni *li* na *ya*. Sharti usibuni wingi wa mtaani, ukasema "bitabu" kisha ukaandika *bi*.

*Li* inaleta hofu ya pekee. Mwandishi akiona "nililiona" anadhani kidole kimegonga mara mbili, anafuta moja. *Li* ya kwanza ni wakati, ya pili ni gari. Ziache zote. Ni hivyohivyo kwa "hakukujibu": *ku* ya kwanza ni ya kukanusha wakati uliopita, ya pili ni wewe. "Hakujibu" ni kwamba hakutoa jibu. "Hakukujibu" ni kwamba wewe hakukujibu.

## Dalili: "nimeikula", "umeikunywa"

Mizizi ya silabi moja (*-la, -nywa*) hukopa *ku* ili kitenzi kipate pa kukaza sauti: nime-ku-la. Hiyo *ku* ni ya kuazima. Kiambishi kikija, kinakaa mahali pake na *ku* inarudi ilikotoka. "Sombe nimeila", "chai umeinywa?", "ugali wameula wote". Kuweka vyote viwili ni kumkalisha mgeni juu ya mwenye kiti. Aliyezoea "nimekula" tangu utotoni huona "nimeila" fupi mno mdomoni, lakini ndiyo yenyewe.

Kwa sababu *ku* hiyo inafanana na *ku* ya wewe, "nitakula" ina maana mbili, ya pili ikiwa ya fisi wa hadithini. Muktadha huamua, na hakuna dawa nyingine.

## Ujumbe wa karani, baada ya matengenezo

Ukiukagua ujumbe wako, nenda kwa mpangilio huu, maana kila hatua inategemea iliyoitangulia: kwanza watu wote wapate viambishi, kisha uangalie kama kitenzi kinahitaji silabi ya kutendea, kisha ufute cha pili palipo na viwili, na vitu uvishughulikie mwisho, kimoja kimoja, kwa jaribio la "kile".

> Vitenge nilivipokea jana. Nilifungua mzigo nikakuta vitenge 3 vimelowa. Hivyo nilimpa fundi avianike. Vingine nilimuuzia Mama Furaha. Nilipokea dola 200. Nilimpigia dereva simu lakini hakunijibu. Muulize.

"Nilifungua mzigo" imebaki bila *u*, ingawa mzigo unajulikana. Mkaguzi mkali angeandika "niliufungua". Hapa tumeiacha, kwa kuwa kufungua mzigo ni hatua ya kazi tu inayotupeleka kwenye vitenge vilivyolowa, na hakuna anayesubiri habari za mzigo wenyewe. Kama muuzaji angekuwa ameandika jana yake "usiufungue mzigo mpaka dereva awepo", *u* ingerudi mara moja, na karani angekuwa na maelezo ya kutoa.